Pasipoti Haitoshi: Nani Hulipa Ada ya Mwenyeji Uingereza

Familia nyingi za Waswahili zinazoishi Uingereza, na nyingine zilizoko Maskati au Dubai zikiwa na pasipoti za Uingereza, hujua ada halisi ya chuo kikuu siku ile jibu la maombi linapofika. Mtoto amepata nafasi, alama zake ni nzuri, jamaa wamekwisha kupigiwa simu. Kisha katika barua hiyo hiyo kuna mstari unaosema kwamba ataingia kama mwanafunzi wa kimataifa, na kuanzia hapo hesabu yote inabadilika.

Kwa mwaka wa masomo wa 2025/26, chuo kikuu cha Uingereza hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi mwenyeji wa shahada ya kwanza zaidi ya pauni 9,535 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi wa kimataifa hakuna kikomo. Chuo hujipangia chenyewe, na kozi nyingi zinazidi mara mbili ya ada ya mwenyeji. Za udaktari ni ghali zaidi. Na ada siyo yote. Mwenyeji hupewa mkopo wa serikali unaolipa ada hiyo, naye huanza kuurejesha baada ya kumaliza masomo na kupata kipato cha kiwango fulani. Wa kimataifa hapewi mkopo huo, kwa hiyo fedha lazima zitoke mfukoni kwa mzazi, tena mapema.

Wengi huamini kwamba pasipoti ndiyo inayoamua. Wengine huamini kwamba ni kodi: mzazi anayekatwa kodi kila mwezi, basi mtoto wake ni mwenyeji. Imani zote mbili zimeziponza familia, na ili kuona kwa nini, inafaa kujua mgawanyo huu ulitoka wapi.

Hadi katikati ya miaka ya 1960, mwanafunzi aliyetoka Dar es Salaam na yule aliyezaliwa Leeds walilipa ada sawa. Julius Nyerere alipokuwa Edinburgh, kati ya 1949 na 1952, hapakuwa na bei mbili. Mwishoni mwa 1966 serikali ya chama cha Leba, kupitia waziri wake wa elimu Anthony Crosland, ilitangaza kwamba kuanzia 1967 wanafunzi kutoka ng'ambo watatozwa zaidi. Ada yao ikapanda hadi pauni 250 kwa mwaka, wakati mwenyeji alibaki kwenye pauni 70 hivi. Hoja ilikuwa kwamba mlipa kodi wa Uingereza anagharamia sehemu kubwa ya masomo ya kila mwanafunzi, na si haki abebe mzigo wa wageni kwa kiasi kile kile. Hata hivyo mgeni bado alikuwa akisaidiwa na serikali; alilipa zaidi, lakini hakulipa gharama nzima. Msaada huo uliondolewa mwaka 1980 na serikali ya Margaret Thatcher. Tangu hapo mgeni hulipa gharama kamili, na kadiri miaka ilivyokwenda, zaidi ya gharama.

Leo sababu imegeuka. Ada ya mwenyeji ilikaa pauni 9,250 tangu 2017 hadi 2025 huku bei ya kila kitu ikipanda, na vyuo vingi vinasema haitoshi tena kumfundisha mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Pengo hilo, pamoja na sehemu ya gharama za utafiti, huzibwa na ada za wageni. Mwanafunzi kutoka Nairobi au Lagos hasaidiwi na mlipa kodi wa Uingereza. Yeye ndiye anayemsaidia mwenzake mwenyeji aliyeketi karibu naye. Mzazi anayejua hilo ataelewa pia kwa nini ofisi ya ada haina haraka ya kumhamisha mtu kutoka kundi moja kwenda jingine.

Kati ya mwenyeji na mgeni kuna kundi la tatu, la kikanda, nalo halitokani na wema wa chuo. Hutokana na mkataba. Uingereza ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, Mjerumani au Mhispania alilipa ada ya mwenyeji, kwa kuwa sheria ya Umoja ilikataza kumbagua raia wa nchi mwanachama. Huko Skoti ilizaa jambo la ajabu. Serikali ya Skoti huwalipia ada vijana wake, na kwa sheria hiyo ya Ulaya ikalazimika kumlipia Mfaransa pia, lakini kijana wa Uingereza penyewe, aliyevuka mpaka wa ndani ya nchi ile ile, alitozwa maelfu. Uingereza ilipojitoa, mkataba ukafa na bei yake ikafa nao: kuanzia mwaka wa masomo wa 2021/22, wanafunzi wapya wa Umoja wa Ulaya huhesabiwa wageni, isipokuwa waliokuwa wamekwisha kuishi nchini na kuhifadhiwa haki zao. Raia wa Ayalandi peke yao walisalia, kwa sababu makubaliano yao na Uingereza ni ya zamani na yalisimama nje ya Umoja.

Sisi tunao mfano wa kwetu. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyosainiwa Blantaya mwaka 1997, inazitaka nchi wanachama ziwatendee wanafunzi wa kanda kama wenyeji katika ada na malazi, na zitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa ajili yao. Ndiyo maana katika vyuo vingi vya Afrika Kusini Mtanzania au Mkongo hulipa ada ya karibu na ya mwenyeji, mara nyingi ikiongezewa tozo ya mwanafunzi wa nje, huku Mkenya na Mganda, ambao nchi zao hazimo katika SADC, wakiwekwa kwenye bei ya juu. Hapo pasipoti ina kauli. Uingereza ina mambo mengine.

Sheria ya Uingereza humuuliza mwombaji maswali matatu, na yote hupimwa kwa tarehe moja. Kwa kozi inayoanza kati ya Agosti na Desemba, tarehe hiyo ni tarehe 1 Septemba ya mwaka wa kwanza wa kozi. Haijalishi masomo yanaanza tarehe 22, wala siku fomu ilipojazwa. La kwanza: je, siku hiyo mwombaji ana haki ya kuishi nchini bila kikomo, yaani ni raia au ana kibali cha kuishi kisicho na mwisho? La pili: je, miaka mitatu yote kabla ya siku hiyo makazi yake ya kawaida yalikuwa Uingereza? La tatu: je, katika muda huo alikuwa pale kwa sababu nyingine, au hasa kwa ajili ya kusoma? Anayeshindwa swali moja kati ya hayo ameshindwa yote, isipokuwa awe katika moja ya makundi yaliyosamehewa.

Swali la tatu lina historia, na historia hiyo ndiyo inayolieleza vizuri kuliko maelezo ya fomu. Wanafunzi kadhaa wazaliwa wa nje, waliokuwa wamesoma Uingereza kwa zaidi ya miaka mitatu, walinyimwa ruzuku ya masomo na halmashauri zao. Kesi yao, inayojulikana kwa jina la Shah dhidi ya Halmashauri ya Barnet, ilifika hadi Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa. Desemba 1982 wanafunzi wakashinda. Jaji Scarman alieleza kwamba makazi ya kawaida ni pale mtu alipochagua kuishi kwa hiari yake, kwa lengo la kueleweka, kama sehemu ya mwenendo wa maisha yake kwa wakati huo, uwe mfupi au mrefu. Si lazima awe na nia ya kubaki milele. Na kusoma ni lengo la kueleweka kama lengo lingine lolote.

Serikali haikukubali kubaki na matokeo hayo. Haikuweza kuipinga tafsiri ya mahakama, ikabadili kanuni: mtu awe na makazi ya kawaida, lakini miaka yake isiwe ya kusoma tu au hasa ya kusoma. Maana ya makazi aliyoitoa Jaji Scarman ingali inatumika hadi leo katika sheria nyingi za nchi hiyo, na kile kizuizi kilichowekwa baada ya kesi kingali mlangoni mwa vyuo.

Kizuizi hicho huwanasa hasa watoto wa Ghuba. Tuchukue binti aliyezaliwa London, raia wa Uingereza tangu siku ya kwanza. Baba yake, mhandisi mwenye asili ya Unguja, alipata kazi Maskati binti akiwa na miaka minne, familia nzima ikahamia huko. Kila kiangazi huenda London kwa bibi. Anapofikisha miaka kumi na minane anaomba nafasi Manchester. Swali la kwanza analivuka kwa pasipoti. La pili linamwangusha, kwani miaka yake mitatu ya mwisho ameishi Oman, na safari za likizo hazimfanyi mkaazi wa London.

Zipo njia mbili ambazo familia kama hii huzifikiria. Ya kwanza ni kudai kwamba kuwa kwao nje kulikuwa kwa muda tu, na sheria kweli inamlinda mtoto ambaye asingeondoka Uingereza lau mzazi wake asingepelekwa kazini nje kwa muda. Lakini neno la muda hupimwa kwa ushahidi. Mkataba wa miaka miwili wenye tarehe ya mwisho, nyumba iliyoachwa Uingereza bila kuuzwa, samani zilizowekwa, hati ya mwajiri inayosema mfanyakazi atarudishwa: hayo yana uzito. Mkataba unaoongezwa mara kwa mara kwa miaka kumi na minne, nyumba ikiwa imeuzwa na watoto wote wamesomea Maskati, hautamshawishi ofisa yeyote. Njia ya pili ni kumleta binti shule ya bweni Uingereza akiwa na miaka kumi na sita ili akusanye miaka. Hapa ndipo swali la tatu linapomngoja. Wazazi wako Oman, yeye yuko bwenini. Alikuja kufanya nini kama si kusoma? Fedha zilizolipwa bwenini hazikununua hadhi ya mwenyeji, na kwa kuwa aliondoka Oman, hata hoja ya kuwa nje kwa muda imedhoofika.

Sasa tugeukie upande wa pili, wale waliomo nchini lakini hawana kibali cha kudumu. Hawa wameongezeka tangu Uingereza ilipofungua milango kwa wauguzi na walezi wa wazee, na Wakenya ni miongoni mwao. Huu ni mfano niliouunda, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Muuguzi kutoka Mombasa aliingia Leeds Januari 2022 kwa viza ya kazi, pamoja na mumewe na mwanawe aliyezaliwa Machi 2007. Kijana aliingia sekondari, akafaulu mitihani ya mwisho kiangazi cha 2025, akapata nafasi ya uhandisi.

Tarehe ya kipimo ni 1 Septemba 2025. Swali la pili amelivuka: ameishi Uingereza miaka mitatu na miezi zaidi ya saba. La tatu pia amelivuka. Kusoma alisoma, ni kweli, lakini hakuja kwa ajili hiyo. Alimfuata mama yake aliyekuja kufanya kazi, na angekuwa pale hata kama shule isingekuwapo. Swali la kwanza ndilo linalomwangusha. Viza ya mama hufungua mlango wa kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka mitano, yaani Januari 2027. Septemba 2025 hakuna mtu katika nyumba ile aliye na haki ya kuishi bila kikomo.

Tuseme chuo chake kinawatoza wageni pauni 22,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni pauni 66,000. Angekuwa mwenyeji, kwa kiwango cha 2025/26 kisichopanda, ingekuwa 28,605, tena kwa mkopo. Tofauti ni pauni 37,395, na mshahara wa mwaka mzima wa muuguzi anayeanza kazi hauifikii.

Mama anaweza kuuliza, kwa haki kabisa: kodi ninayokatwa tangu mshahara wa kwanza inakwenda wapi? Naamini swali lake halina jibu zuri. Hoja ya mwaka 1967 ilikuwa ya mlipa kodi, na mlipa kodi ndiye huyu. Kilichobaki ni kanuni inayotazama kibali cha uhamiaji peke yake, nayo inamweka mtoto wa muuguzi anayehudumia wagonjwa wa Leeds katika kundi moja na mtoto wa tajiri aliyefika jana kwa ndege.

Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza iliwahi kuliona jambo hili. Julai 2015 iliamua kesi ya msichana aliyeletwa nchini kutoka Zambia akiwa na miaka sita, akasomea huko maisha yake yote ya shule, kisha akanyimwa mkopo wa chuo kwa kuwa hakuwa na kibali cha kudumu. Kwa majaji watatu dhidi ya wawili, mahakama ilisema kanuni inayowafungia nje watu kama yeye bila kuangalia maisha yao inakiuka haki zao. Serikali ikalazimika kuongeza kundi la waliokaa muda mrefu: aliye chini ya miaka kumi na minane awe ameishi Uingereza miaka saba, na aliyefikisha kumi na minane awe ameishi huko nusu ya umri wake, au miaka ishirini. Sharti la miaka mitatu linabaki pale pale. Kwa msichana aliyefika na miaka sita, kundi hili ni ukombozi. Kwa kijana wetu aliyefika karibu na miaka kumi na mitano, nusu ya umri wake itatimia akikaribia miaka thelathini.

Kwa hiyo amebakiwa na kusubiri. Kwa kanuni ya miaka mitano, mama na baba wangepata kibali mwaka 2027, naye, kwa kuwa aliingia akiwa mtoto na bado anawategemea, angeomba pamoja nao. Akianza chuo Septemba 2027 angelipa kama mwenyeji na angeweza kuomba mkopo. Lakini kusubiri kuna masharti yake. Akihama nyumbani, akaoa na kujitegemea, anaweza kupoteza haki ya kuomba kama mtegemezi. Na mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kurefusha muda wa kungoja kibali kutoka miaka mitano hadi kumi kwa wengi, jambo ambalo linaweza kuivuruga kalenda yote hii. Familia yenye mtoto wa miaka kumi na sita leo isipange kitu bila kuangalia kanuni ya siku hiyo hiyo.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuanza kwanza kwa ada ya kigeni kwa matumaini kwamba kibali kikija, ada itashuka. Kipimo ni siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza wa kozi, na kwa kawaida aliyeingia kama mgeni hubaki mgeni hadi amalize, hata akipata kibali cha kudumu mwezi wa tatu wa masomo. Anayetambuliwa kuwa mkimbizi yuko tofauti: hadhi hiyo inaweza kubadilisha mambo yake hata katikati ya kozi, na hata sharti la miaka mitatu halimhusu. Kwa Wakongo na Warundi waliopewa hifadhi, hilo ni jambo la kulishika sana, maana wapo wanaojijazia wenyewe sehemu ya mwanafunzi wa kimataifa kwa kudhani kwamba mkimbizi ni mgeni.

Anayeamua ada ni chuo chenyewe, siyo ofisi ya uhamiaji wala shirika la mikopo, ingawa shirika nalo hufanya uchunguzi wake kando na linaweza kufikia jibu tofauti. Chuo kikiwa na shaka hutuma dodoso. Hapo ndipo maneno matupu hushindwa na karatasi hushinda: pasipoti za zamani zenye mihuri, barua za shule zenye tarehe za kuingia na kutoka, hati za mshahara za mzazi, bili za kodi ya halmashauri, mkataba wa pango. Mwezi mmoja usio na ushahidi huzaa barua nyingine ya maswali, na kipindi cha mapumziko marefu Tanzania au Kenya ambacho hakikuelezwa kinaweza kusomwa kama kuhama. Kieleze wewe kabla hawajakuuliza: tulikwenda kumzika babu, tukakaa wiki sita, nyumba ya Leeds tuliendelea kuilipia, hizi hapa tiketi za kwenda na kurudi.

Dodoso hilo liombwe na kujibiwa kabla ya kuikubali nafasi na kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa baada ya masomo kuanza nguvu ya kubishana hupungua. Uamuzi usiporidhisha, omba sababu zake kwa maandishi, zikitaja ni swali lipi kati ya matatu limekosa jibu, kisha ulijibu hilo peke yake. Vyuo hutofautiana katika kupima mambo kama kuwa nje kwa muda, na ushahidi ule ule umewahi kukataliwa chuo kimoja na kukubaliwa kingine.

Kuna jambo moja ambalo barua za vyuo hazilitaji. Kanuni zinakiruhusu chuo kumtoza zaidi asiyetimiza masharti; hazikilazimishi. Chuo kina hiari ya kumpa mwanafunzi ada ya mwenyeji, na vingine hufanya hivyo kwa watoto waliokulia nchini au wanaosubiri uamuzi wa hifadhi, wakati mwingine kwa ufadhili maalumu. Hupewa aliyeandika kuomba.